Randa ya fezi tatu kwenye umeme wa fezi moja: soma kibati kwanza

Karakana yangu ya useremala ina umeme wa nyumbani tu, fezi moja ya V 230. Hilo halikunizuia kununua randa ya mtumba yenye mota ya fezi tatu ya kW 2.2, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na muuzaji alinihakikishia kwamba "ukiweka inveta inapiga kazi". Hakudanganya, ila kuna jambo hakulisema.

Inveta ninayozungumzia ni ile wauzaji wanayoiita VFD. Unaiingizia fezi moja, inaugeuza umeme kuwa DC, kisha inautoa kama fezi tatu. Lakini haipandishi volti. Ukiingiza V 230, zinazotoka ni V 230 kati ya fezi na fezi, wakati laini ya fezi tatu ya mtaani hutoa V 400. Hapo ndipo niliponasa.

Siku ya kwanza mota iliwaka na kuzunguka vizuri bila mzigo, nikafurahi. Nilipopitisha ubao wa mninga, nikikata milimita 2 tu, ikapunguza mwendo, ikanguruma, na inveta ikakata umeme kwa kuzidiwa. Nikadhani nimeuziwa inveta mbovu. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya kisanduku cha nyaya, juu ya mota.

Kibati cha mota kiliandikwa 230/400 V, Δ/Y, 8.2/4.7 A. Maana yake ni kwamba kila koili imetengenezwa kwa V 230: kwenye laini ya V 230 koili zifungwe kwa delta, yaani Δ, na kwenye V 400 zifungwe kwa nyota, yaani Y. Mota ilikuwa imefungwa kwa nyota, sawasawa kabisa kwa V 400. Mimi nilipoilisha V 230 ikiwa bado kwenye nyota, kila koili ikapata kama V 133. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, kwa hiyo nilibaki na theluthi moja tu.

Nilizima umeme, nikasubiri dakika kumi maana kapasita za inveta hubaki na chaji ya kuua hata skrini ikiwa imezimika, nikafungua kisanduku. Kwenye nyota, vibati vya shaba huunganisha W2, U2 na V2 kwa mstari mmoja. Nikavitoa, nikaviweka wima: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Hiyo ndiyo delta. Kwenye inveta nikaandika ampea 8.2, si 4.7, na Hz 50. Ubao uleule ukapita bila mlio wa kulalamika.

Mambo mawili mengine nilijifunza palepale. Swichi ya zamani ya randa usiiache kati ya inveta na mota. Kukata nyaya hizo mota ikizunguka kunaweza kuua transista za inveta. Vitufe vya kuwasha na kuzima vipeleke kwenye terminali za amri za inveta yenyewe. Pili, ngoma ya visu ni nzito. Nikiiamuru isimame kwa sekunde mbili, mota inageuka jenereta, volti ya DC inapanda na inveta inajikata. Kuwasha nimeweka sekunde 6, kuzima naiacha isimame yenyewe.

Sasa mipaka. Upande wa kuingilia, inveta ya kW 2.2 ya fezi moja inaweza kuvuta zaidi ya A 20 mota ikiwa kwenye mzigo kamili, kwa hiyo soketi ya ukutani ya A 13 haifai kabisa. Mimi nilivuta waya wake peke yake kutoka kwenye mentsiwichi. Ukipunguza mwendo sana, feni iliyo kwenye shafti inapunguza upepo na mota inaungua taratibu. Kwa randa sioni hata sababu ya kuupunguza.

Jirani yangu mwenye kinu cha kusaga alikuja akitaka nimfanyie vivyo hivyo. Mota yake ni ya kW 7.5, na kibati kinasema 400/690 V. Hapo delta tayari ni V 400, hakuna kushuka tena; inveta ya kutoa V 230 ingempa ileile theluthi. Hata akipata kifaa cha kupandisha volti, upande wa fezi moja angevuta A 40 kwenda juu, na laini yake haikujengwa kwa mzigo huo. Nilimwambia aombe fezi tatu au abaki na injini yake ya dizeli.

Na mafundi wanaotumia kapasita badala ya inveta? Njia hiyo ipo: mota kwenye delta, kapasita ya kama µF 70 kwa kila kW kwenye fezi ya tatu. Inazungusha, lakini unabaki na takriban asilimia 70 ya nguvu, na kuanza na mzigo ni shida. Kwa feni au pampu ndogo, sawa. Kwa randa yangu nisingethubutu.