Barua kwa mwanangu: bosi wa namna gani anakufaa

"Mama, Alhamisi nina intavyu kwenye kampuni nyingine ya kuklia mizigo. Wakiniuliza nini hunipa moyo wa kazi na meneja gani ananifaa, nijibu vipi bila kumsema bosi niliyemwacha?"

Mwanangu,

Nimewahoji watu wengi wa kazi za bandarini, na wengi hujikwaa papo hapo. Maswali hayo mawili yafunge pamoja. Anza na kazi moja uliyoifanya, meneja atajitokeza humo humo.

Unaukumbuka ule mzigo wa vipuri? Uzito kwenye ankara haukulingana na orodha ya vifurushi, ukaligundua kosa hilo kabla hati hazijapelekwa forodhani, mteja akazirekebisha, kontena likatoka bandari ya Kilindini kabla gharama za kukaa bandarini hazijaanza kuhesabiwa. Ulinisimulia usiku ule hata chakula kikapoa. Basi sema hivyo: "Hunipa raha kukamata kosa kwenye karatasi kabla halijamgharimu mteja. Ndiyo maana hufanya vizuri na meneja anayenipa hati mapema, akaniacha nizipitie, na nikikwama namfikia." Mshahara usiutaje hapo, una wakati wake.

Ukisema "nataka meneja asiyefokea", wao watasikia kuwa ulifokewa, na wataanza kujiuliza ulifanya nini. Kila lalamiko ulilonalo lina hitaji ndani yake. Litoe hilo, lalamiko uliache nyumbani. Alikufokea mbele ya wenzako? Sema unajifunza haraka ukirekebishwa mkiwa wawili. Lakini usiyamwage yote. Ukitaja masharti manne utaonekana mgumu wa kuridhika, na huyo anayekuhoji huenda ndiye meneja mwenyewe.

Halafu huja swali ninaloliogopea zaidi: "Na meneja wako wa mwisho alikuwa hivyo?" Usimsifu kwa uongo, sura yako itakusaliti. Jibu kwa ulichokifanya wewe: "Kazi ilikuja kwa haraka, nikajizoesha kumpigia ajenti wa meli asubuhi na mapema kuulizia hati bila kungoja kuambiwa." Hiyo ni kweli, na haimgusi mtu. Kisha nyamaza. Wakinyamaza nao, usijaze kimya hicho, kwani hapo ndipo maneno mabaya huponyoka. Na mji huu unaujua, mwanangu: wa kazi hii wote wanajuana, pengine anayekuhoji huswali na bosi wako wa zamani msikiti mmoja.

Wakikupa nafasi, waulize wewe: "Hapa hati za meli humfikia mfanyakazi lini, na nani humgawia kazi?" Wakikujibu kwamba kila kitu husubiri bosi aingie jioni, nipigie simu kabla hujatia sahihi.

Mamako