Kubanwa na misuli: vidonge vya magnesiamu unanunua vya nini?

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia wiki hii: "Kaka, kila mechi ikikaribia kwisha vigimbi vinanikaza. Duka la dawa wanasema ninywe magnesiamu, kocha anasema nile ndizi. Nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, mimi nilikuwa beki wa kulia, na hayo nimeyapitia hadi mashabiki wakanipa jina nisilolitaja hapa. Muuzaji mmoja wa vidonge alinifanya mtaji wake. Donge bado ninalo.

Tupige hesabu. Tuseme umecheza jua la saa tisa ukatoka jasho lita 2. Kila lita hubeba kama gramu 1 ya sodiamu, ile ya kwenye chumvi, lakini potasiamu haifiki hata robo gramu. Basi potasiamu uliyopoteza ni ya ndizi moja hivi, na mwilini unayo zaidi ya gramu 100. Magnesiamu ya kwenye jasho ni kidogo zaidi, miligramu chache tu. Na ndizi unayokula mapumziko haiwahi kuongeza potasiamu ya damu kwa kiasi cha maana kabla ya filimbi ya mwisho.

Watafiti wa Afrika Kusini waliwapima damu wakimbiaji wa Two Oceans, mbio za kilomita 56 za Cape Town, wakatoa matokeo 2004. Madini ya waliobanwa na ya wasiobanwa hayakupishana kwa kiasi cha kueleza tatizo. Vidonge vya magnesiamu navyo vimejaribiwa zaidi kwa wazee wanaobanwa usiku, na havikuwasaidia la maana. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, hayakukuta hata jaribio moja zuri la wanaobanwa kwa mazoezi.

Sasa jiulize: kwa nini unakaza mguu uliofanya kazi, mkono usikaze, ilhali damu ni moja? Na kwa nini mwenzako akikunyoosha goti na kusukuma vidole vya mguu kuelekea kwako, msuli unalegea papo hapo? Hajakutia madini yoyote. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba msuli uliochoka huzidiwa na amri za neva za kujikaza, na kuuvuta huamsha neva zinazouzuia. Hata maji ya achari ya matango yaliyojaribiwa maabara yalilegeza msuli kabla hayajafika kwenye damu. Inaonekana ule ukali kooni ndio unaofanya kazi.

Chumvi siifuti. Ukitoka jasho jingi, shati likabaki na michirizi myeupe, ukanywa maji matupu mengi, kisha ukakaza mwili mzima, hapo sodiamu inahusika. Dafu halitoshi, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, yale wanayopewa wanaoharisha.

Kama ni vigimbi tu, mwambie kocha akukimbize mbio fupi za kasi mwisho wa mazoezi, ukiwa umeshachoka, kwa sababu mechi inakukuta hapo. Pesa ya vidonge nunua samaki. Na mwenye maradhi ya figo asiviguse bila daktari, maana muuzaji hatamuuliza.