Chanzo, tukio na athari katika daftari la vihatarishi

Swali: Mimi ni karani wa ghala la chama cha ushirika wilayani Kilolo, Iringa. Katika daftari letu la vihatarishi niliandika: “Mahindi kuharibika kwa kukosa kipima unyevu, hivyo meneja anunue kipima unyevu ili kuepusha hasara.” Mkaguzi amelirudisha akisema nimechanganya mambo. Niandikeje?

Jibu: Tatizo linaanzia kwenye neno “kukosa”. Ukishasema kuwa chanzo ni kukosa kifaa, umekwisha kuamua kwamba dawa ni kukinunua, na hali halisi iliyopo ghalani haijatajwa popote. Chanzo kielezwe kama jambo linalotendeka sasa, kwa kitenzi cha hali hiyo: “Mahindi hupokelewa bila kupimwa, na baadhi yana unyevu unaozidi asilimia 13.5.”

Tukio nalo halijatokea, na kitenzi hakina budi kulionyesha hivyo. “Mahindi kuharibika” hakina wakati, kwa hiyo msomaji hajui kama yameoza au yanahofiwa kuoza. Neno “huenda”, likifuatwa na -ka-, huondoa shaka hiyo: “huenda yakaota kuvu yakiwa ghalani.” Ukijikuta unalazimika kuandika “yameota kuvu”, hicho si kihatarishi tena bali ni tatizo, na mahali pake ni pengine.

Athari hulitegemea tukio, na uhusiano huo hubebwa vizuri na -ki- pamoja na -ta-: “yakiota kuvu, mnunuzi atakataa shehena na wakulima watachelewa kulipwa.” Neno “hasara” peke yake ni jepesi mno, kwa kuwa halisemi ni nani atakayeumia wala kwa namna gani.

Sentensi yote basi itakuwa hivi: “Kwa kuwa mahindi hupokelewa bila kupimwa, na baadhi yana unyevu unaozidi asilimia 13.5, huenda yakaota kuvu yakiwa ghalani. Yakiota, mnunuzi atakataa shehena na wakulima watachelewa kulipwa.” Ziba safu ya udhibiti kwa mkono kisha uisome: inajitosheleza, wala hakuna “anunue” wala “ili” ndani yake. Maneno hayo mawili yakionekana katika maelezo ya kihatarishi, mara nyingi ni dalili kwamba udhibiti umepenya humo.

Katika safu ya mmiliki andika cheo tu, “Meneja wa ghala”, kwa maana yeye ndiye anayewajibika kwa kihatarishi hata kama kazi inafanywa na mwingine. Udhibiti ndiyo nafasi ya vitenzi vya kuagiza, navyo vitaje mtendaji: “Meneja anunue kipima unyevu kabla ya Juni, karani wa mapokezi apime sampuli ya kila mzigo na kurudisha mahindi mabichi yakaanikwe.” Ukiandika “mahindi yapimwe”, sarufi iko sawa, lakini siku ya ukaguzi kila mmoja atadhani aliyeagizwa ni mwenzake.

Na kama paa la ghala linavuja, hicho ni chanzo kingine chenye udhibiti wake. Kiandikie mstari wake.