Maoni 12 ya presha kuka moja, na aya anayoisubiri mnunuzi

Kwenu mnaoanza kazi ya kufupisha maoni ya wateja, nawaletea bidhaa moja tu: presha kuka ya umeme ya lita 6. Ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na ilinifundisha kwa uchungu.

Ilikuwa na maoni 12. Watu 5 walitoa nyota 5, wawili nyota 4, mmoja nyota 3, wawili nyota 2 na wawili nyota 1. Mimi nikaandika: "Wateja wengi wameifurahia, ingawa wachache wamekutana na changamoto ndogondogo." Nikaona nimetenda haki kwa pande zote. Miezi 4 baadaye mama mmoja akarudi dukani ameibeba kwenye kikapu. Kila akipika, mvuke unatoka pembeni ya mfuniko. Akaniuliza, "Mwanangu, hili mlikuwa mnalijua?" Tulikuwa tunalijua. Watu 3 walikuwa wameshaliandika, na mimi nikalifunika kwa neno "changamoto".

Jioni ile nilirudi kwenye yale maoni 12 nikayasoma upya, safari hii na karatasi mkononi. Wastani wake ni nyota 3.5, lakini aliyetoa nyota 3 ni mtu mmoja tu. Wengine wote wako juu wakishukuru au chini wakilalamika, kwa hiyo ule wastani haukuwa unamweleza mtu yeyote. Nikaziacha nyota, nikashika maneno.

Kwanza nikatoa yale yasiyohusu chombo chenyewe. "Nzuri sana, imefika mapema, dereva ana heshima", nyota 5: huyo anamsifu bodaboda. "Boksi limefika limepondeka, tena limechelewa siku 2", nyota 1: huyo naye analalamikia usafirishaji. Yapeleke kwa wanaosimamia mizigo, yatawafaa sana, ila yasiingie kwenye muhtasari wa presha kuka. La tatu lilisema "Asanteni, Mungu awabariki", nyota 5, basi. Yakabaki 9.

Kwa hayo 9 nikachora safu 3: amepika nini, amekaa nayo muda gani, ameona nini. Safu ya katikati ndiyo iliyonifumbua macho, na ndiyo ninayowaomba msiiruke hata mkiwa na haraka. Watu 4 waliandika ndani ya wiki 2 za kwanza. Watu 5 walikuwa wameitumia zaidi ya miezi 3. Waliotaja mpira wa mfuniko ni 3, na wote wanatoka kwenye kundi hilo la pili.

Hapo hesabu inabadilika. Watatu kati ya 12 wanaonekana wachache. Lakini mpira wa mfuniko haulegei wiki ya kwanza; unalegea baada ya kupigwa na joto na mafuta mara nyingi. Wale 4 wa wiki 2 hawakuwa na namna ya kuliona tatizo hili, kwa hiyo kimya chao si ushahidi kwamba mpira ni imara. Walioweza kulijua ni 5, na 3 kati yao wamelisema. Kwa kila lalamiko, kabla hujaandika "wachache" au "wengi", jiulize ni wangapi walikuwa mahali pa kulijua. Na usiandike "asilimia 60". Watu 5 ni wachache mno kubeba asilimia, tena mwenye shida hurudi kuandika upesi kuliko aliyetulia na chakula chake. Andika "watatu kati ya watano", mnunuzi apime mwenyewe.

Mmoja wa hao watatu, kwa taarifa yenu, alikuwa ametoa nyota 4. "Naipenda sana, ila mpira ulilegea mwezi wa 5, nimeubadilisha imetulia." Nilimpita kwa sababu nilikuwa natafuta kasoro kwenye nyota 1 na 2 peke yake. Maoni ya nyota 3 na 4 yasomeni polepole kuliko yote, maana huyo anaandika akiwa hana hasira wala furaha ya mzigo mpya.

Kisha kuna wanaopingana. Mmoja anasema "uniti zinakaa", mwingine "inakula umeme balaa". Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuandika "matumizi ya umeme ni ya wastani", jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelisema. Rudi kwenye safu ya kwanza. Wa kwanza anapika maharage na makande. Wa pili anakaangia, tena anachemshia maji ya kuoga. Presha kuka ikishafikia presha yake hujizima, ikawa inawaka kidogo kidogo kuishikilia. Huko ndiko umeme unakookolewa. Mfuniko ukiwa wazi inawaka kama hita nyingine yoyote. Wote wawili wamesema kweli, na mnunuzi anahitaji kujua yeye atakuwa yupi kati yao.

Hali ni hiyo hiyo kwa aliyesema "ndogo". Anapikia watu 9. Zile lita 6 ni za chungu kilichojaa mpaka ukingoni, na presha kuka haijazwi kupita theluthi mbili. Kwa maharage, yanayovimba na kutoa povu, ni nusu tu. Ukiandika "baadhi wanaiona ndogo" utamtisha bure anayepikia watu 4.

Nilichoandika mwishoni ni hiki:

"Waliopikia maharage, makande na nyama wanasifu kasi yake, mmoja anasema maharage yanaiva kwa dakika 40. Kuhusu umeme wanatofautiana: anayepika maharage na makande anaona uniti zinakaa, anayekaangia na kuchemshia maji anaona zinaisha haraka. Kati ya watu 5 walioitumia zaidi ya miezi 3, watatu wanasema mpira wa mfuniko ulilegea na mvuke ukatoka pembeni. Mmoja aliubadilisha ikatulia, mwingine alitafuta mpira mpya Kariakoo akakosa. Anayepikia watu 9 ameiona ndogo. Kitabu cha maelekezo ni cha Kichina kitupu."

Angalieni kwamba nimeacha maneno yao yalivyo: mvuke, pembeni, mpira. Ningeandika "masuala ya ubora", mnunuzi asingejua kama ni rangi inabanduka au mfuniko unavuja. Angalieni pia kwamba sikumwambia nunua au usinunue. Sijui anapikia wangapi, wala kama anaishi karibu na fundi.

Kuna jambo moja halifuati hesabu hii. Mtu mmoja tu akiandika kwamba alipigwa shoti, au mfuniko ulifunguka presha ikiwa bado ndani, sentensi hiyo inakaa mwanzo wa aya, ikisema wazi kwamba ni mtu mmoja, na siku hiyo hiyo unamwarifu msimamizi wa duka. Usisubiri wa pili.

Kabla ya kuitoa, niliisoma aya ile nikijifanya yule wa "Naipenda sana", kisha nikajifanya aliyezunguka Kariakoo. Nilitaka kila mmoja ajikute humo. Halafu nikampelekea yule mama aliyerudi na kikapu. Aliisoma yote, akarudia pale kwenye mpira, akasema, "Ningeliona hili, ningeinunua pamoja na mpira wa akiba."