Ongeza 360n kabla ya kugawanya: milinganyo ya trigonometria yenye majibu mengi

Mwanafunzi wa PCM au EGM akipewa sin x = 1/2, kwa kawaida hapotei. Anajua 30°, anakumbuka kwamba sin ni chanya pia katika robo ya pili, anaandika 150°, basi. Shida huanza pale ndani ya mabano pasipokuwa na x peke yake bali 2x, au 3x − 30°, au x/2 + 45°. Hapo majibu huanza kupotea, na mara nyingi yanapotea kwa sababu moja: mzunguko wa nyuzi 360 umeongezwa mahali pasipo pake.

Tukumbushane kwanza kikokotoo kinatoa nini. Ukibonyeza sin⁻¹ unapata pembe moja tu, iliyo kati ya −90° na 90°. Ukibonyeza cos⁻¹ unapata moja kati ya 0° na 180°, na tan⁻¹ inakupa moja kati ya −90° na 90°. Hiyo pembe moja ni mbegu ya majibu, si majibu yenyewe. Ya pili unaitafuta mwenyewe ndani ya duara: kwa sin ni 180° kutoa ile ya kwanza, kwa cos ni ile ile ikiwa na alama ya kutoa mbele. Tan haina haja ya pembe ya pili, kwa sababu inajirudia kila baada ya nyuzi 180. Ukishapata pembe mbili za sin au cos, kila moja unaiongezea 360n, ambapo n ni namba kamili yoyote, ziwemo sifuri na namba hasi.

Sasa tuchukue swali moja tulifanye lote. Tafuta suluhisho la jumla la 2 sin(3x − 30°) = −1, kisha orodhesha majibu yote ambayo 0° ≤ x ≤ 360°.

Gawanya kwa 2 upate sin(3x − 30°) = −1/2. Usiguse x bado. Mpe aliyemo ndani ya mabano jina lake mwenyewe, tumwite A, yaani A = 3x − 30°. Kikokotoo kinasema A = −30°. Pembe ya pili ni 180° − (−30°) = 210°. Kwa hiyo:

A = −30° + 360°n au A = 210° + 360°n

Hapa ndipo 360n inapoingia, kwa sababu sin inajirudia kila A inapoongezeka nyuzi 360. Anayezunguka ni A, si x. Sasa rudisha 3x − 30° mahali pake:

3x − 30° = −30° + 360°n, kwa hiyo 3x = 360°n, na x = 120°n

3x − 30° = 210° + 360°n, kwa hiyo 3x = 240° + 360°n, na x = 80° + 120°n

Hilo ndilo suluhisho la jumla. Angalia kwamba wakati wa kugawanya kwa 3, ile 360n nayo imegawanywa ikawa 120n. Hatua hiyo ndogo ndiyo yenye majibu yote. Anayegawanya kwanza hupata x = 0° na x = 80°, halafu anaongeza 360 na kupata 360° na 440°. Anaitupa 440° kwa kuwa imevuka mpaka, anabaki na 0°, 80° na 360°, na anaamini amemaliza. Kila jibu alilonalo ni sahihi, lakini manne hayapo.

Baada ya hapo ni kutia n mpaka utoke nje ya mipaka. Familia ya kwanza inatoa 0°, 120°, 240° na 360°. Ya pili inatoa 80°, 200° na 320°; n = 3 inatoa 440°, imepita, na n = −1 inatoa −40°, nayo iko nje. Majibu yote ni 0°, 80°, 120°, 200°, 240°, 320° na 360°.

Yako saba. Ingefaa ujiulize kama ndivyo inavyopaswa kuwa, maana kuhesabu ni njia nzuri ya kugundua kosa. x ikizunguka mara moja, 3x inazunguka mara tatu, na katika kila mzunguko sin inaigusa −1/2 mara mbili. Tulitarajia sita. La saba limetoka kwenye mipaka: 0° na 360° ni mahali pamoja kwenye duara, lakini swali limeandika ≤ pande zote mbili, kwa hiyo zote zinahesabiwa. Lingeandika 0° ≤ x < 360°, ungeiondoa 360° na kubaki na sita. Soma alama ya mpaka kabla ya kuandika orodha ya mwisho.

Kama swali halihitaji suluhisho la jumla, unaweza kuhamisha mipaka kutoka x kwenda A. x ikiwa kati ya 0° na 360°, basi 3x iko kati ya 0° na 1080°, na A iko kati ya −30° na 1050°. Orodhesha kila A yenye sin ya −1/2 humo ndani: −30°, 210°, 330°, 570°, 690°, 930°, 1050°. Ongeza 30 kwa kila moja, gawanya kwa 3, na utapata orodha ile ile. Njia hii ni ya haraka, ila inamwadhibu anayesahau kupanua mipaka, na ukifanyia kazi 0° hadi 360° pekee utaikosa −30° kabisa.

Wengi hufundishwa kuandika suluhisho la sin kwa mstari mmoja, A = 180°n + (−1)ⁿα, ambapo α ni pembe ya kikokotoo. Ni sahihi. Kwa swali letu, n ikiwa shufwa unapata x = 120°k, na ikiwa witiri unapata x = 80° + 120°k, ambapo k ni namba kamili. Lakini α inapokuwa hasi, alama mbili za kutoa hukutana na makosa huingia hapo hapo. Ushauri wangu ni kuandika familia mbili zilizo wazi. Kwa cos, andika tu A = 360°n ± α. Na kama mipaka ya swali imetolewa kwa radiani, fanya kila kitu kwa radiani tangu mwanzo: 2nπ badala ya 360°n. Jibu lenye 360n upande mmoja na π/6 upande mwingine halina maana.

Tuone kazi ya n nje ya daftari, pale pwani ya Msasani. Maji hujaa tena baada ya takribani saa 12 na dakika 25, yaani saa 12.42 hivi. Gawanya 360 kwa hiyo na unapata karibu nyuzi 29 kwa saa. Tuchukue mfano kwamba kina cha maji mahali fulani ni h = 2 + 1.5 cos(29t)°, kwa mita, t ikiwa ni saa zilizopita tangu maji yajae saa 12 asubuhi. Mashua inahitaji mita 2.75 ili isiguse chini. Kina kinakuwa mita 2.75 kamili saa ngapi katika saa 24 zinazofuata?

1.5 cos(29t)° = 0.75, kwa hiyo cos(29t)° = 0.5. Basi 29t = 360n ± 60, na t = (360n ± 60)/29. Kwa n = 0 tunachukua 60/29, ambayo ni 2.07. Kwa n = 1 tunapata 300/29 = 10.34 na 420/29 = 14.48. Kwa n = 2 tunapata 660/29 = 22.76, na ile nyingine, 780/29, inavuka 24. Kwa kuwa tumeanzia saa 12 asubuhi, t inasomeka karibu moja kwa moja kwenye saa yetu ya Kiswahili: saa 2 na dakika 4 asubuhi, saa 10 na dakika 21 jioni, saa 2 na dakika 29 usiku, na saa 10 na dakika 46 alfajiri. Mashua inapita kuanzia mwanzo hadi saa 2:04 asubuhi, tena kati ya saa 10:21 jioni na saa 2:29 usiku, kisha kuanzia saa 10:46 alfajiri. Anayebonyeza cos⁻¹ na kuishia hapo anaupata ule wakati wa kwanza tu, ambao ni wa maji kupungua, na hajui lini yatarudi. Bahari yenyewe haifuati cos moja: wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa zaidi, wakati wa maji mafu tofauti hupungua, kwa hiyo nahodha hutumia jedwali la maji na si mlinganyo huu.

Kuna upotevu mwingine wa majibu usiohusiana na 360n, nao ni kugawanya kwa kitu chenye x. Chukua sin 2x = cos x. Ukiandika 2 sin x cos x = cos x na kufuta cos x pande zote, unabaki na sin x = 1/2, yaani 30° na 150°. Lakini ulipofuta ulidai kwamba cos x si sifuri, na hakuna aliyekuambia hivyo. Hamishia upande mmoja: cos x(2 sin x − 1) = 0. Sasa cos x = 0 inakupa 90° na 270°, na majibu katika mzunguko mmoja ni manne. Kupandisha pande zote kwenye kipeo cha pili huleta kosa la kinyume, yaani majibu ya ziada. Kwa sin x + cos x = 1, kipeo cha pili kinakupa sin 2x = 0, ambayo inaleta 180° na 270°, na zote mbili ukizirudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo zinatoa −1. Kila ukitumia kipeo, rudisha kila jibu mwanzoni.

Mwenzako anaweza kuufanya ule wa sin 2x = cos x kwa kuandika cos x kama sin(90° − x). Atapata x = 30° + 120°n na x = 90° + 360°n, wakati wewe una x = 90° + 180°n, x = 30° + 360°n na x = 150° + 360°n. Usifute kazi yako kwa sababu hazifanani. Orodhesheni kila mmoja majibu ya mzunguko mmoja, kuanzia 0° mpaka kabla ya 360°. Yeye ana 30°, 150°, 270° na 90°. Wewe una 90°, 270°, 30° na 150°. Ni seti ile ile.