Kupunguza nywele za kifua bila kunyoa zote

"Nipunguze nywele za kifua na mgongo kwa namba ngapi zisiniletee vipele? Wembe ulinitesa."

Namba 2 kaka, yaani milimita 6 hivi. Mgongoni unaweza kushuka hadi namba 1, ila kinyozi asivue kitana cha mashine. Nanyoa watu hapa Ngamiani, na vipele vingi ninavyoviona ni vya nywele za kujikunja zilizokatwa chini kabisa. Ncha hupinda na kurudi ndani ya ngozi. Wapo wanaosema ukizikata zitaota nene, hapana, ni ncha butu tu ndiyo inayokwaruza. Kata zikiwa kavu, kabla ya kuoga. Zikilowa hulala, unatoka na mabaka. Kama kuna vipele vyenye usaha, subiri vipone kwanza.