Shingo ikivunjika, lengo linapimwa wapi? Maswali yenu kuhusu kichwa na mabega

"Nilipima kutoka ncha ya kichwa mpaka bonde la kushoto, nikautoa urefu huo kwenye bonde hilo hilo, nikapata lengo la EURUSD, yaani euro kwa dola. Bei ilishuka vizuri, ikageuka kabla ya kufika, na faida yote ikaenda. Nilikosea wapi?" – Msomaji, Umoja

Ulikosea mahali pawili. Kichwa na mabega ni umbo la vilele vitatu kwenye chati, cha kati kikiwa kirefu zaidi, na shingo ni mstari unaounganisha mabonde mawili yaliyo kati ya vilele hivyo. Urefu wa umbo hupimwa wima, kutoka ncha ya kichwa kushuka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa shingo ulio chini ya ncha hiyo. Kisha urefu huo hutolewa pale bei ilipovuka shingo, wala si kwenye bonde. Shingo ikiwa imelala sawa, njia zote mbili huleta jibu moja, na ndiyo maana wengi hawalioni kosa hili mpaka wakutane na shingo iliyopanda au iliyoshuka.

Tuchukue mfano wa kubuni kwenye chati ya H4, ambayo kila mshumaa wake ni wa saa nne. Bega la kushoto linafika 1.1180, bei inashuka hadi bonde la kwanza 1.1100, inapanda kutengeneza kichwa 1.1260, inashuka hadi bonde la pili 1.1124, kisha bega la kulia linaishia 1.1190. Kati ya bonde na bonde kuna mishumaa 24, yaani siku nne za soko. Pipsi moja ni 0.0001 ya bei. Shingo imepanda pipsi 24 katika mishumaa 24, kwa hiyo inapanda pipsi moja kwa kila mshumaa.

Ncha ya kichwa iko mshumaa wa kumi baada ya bonde la kwanza. Chini yake shingo iko 1.1110, na urefu wa umbo ni 1.1260 toa 1.1110, sawa na pipsi 150. Bei inavuka shingo mishumaa 18 baada ya bonde la pili, wakati mstari umeshafika 1.1142. Toa pipsi 150 hapo, lengo ni 1.0992.

Sasa angalia hesabu yako ingekuwaje. Kutoka 1.1260 hadi bonde la 1.1100 ni pipsi 160, na ukizitoa kwenye bonde lile lile unapata 1.0940. Umejiongezea pipsi 52 ambazo umbo halikukuahidi. Bei inaweza kufika 1.0985, ikatimiza kazi yake yote, ikageuka, nawe bado unasubiri.

Kwenye MT5, programu ya chati na biashara, bonyeza Ctrl+F, weka msalaba kwenye ncha ya kichwa, shikilia na uvute chini hadi kwenye mstari. Utaonyeshwa idadi ya mishumaa na ya pointi. Broka wako akiandika bei kwa tarakimu tano baada ya nukta, pointi 1500 ndizo pipsi 150.

"Utambi wa mshumaa ukipenya shingo tu, naweza kuuza au ningoje?" – Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Ngoja mshumaa ufunge chini ya shingo, kwenye chati ile ile uliyochorea umbo. Ukichora kwenye H4, kufunga kwa mshumaa wa M15, wa dakika 15, hakutoshi. Kabla ya hapo huna kichwa na mabega, una vilele vitatu tu.

Shingo inayopanda inahitaji subira zaidi. Kwenye mfano wetu bei inavuka mstari 1.1142, ilhali bonde la kulia liko 1.1124. Mstari umevunjwa, lakini bei haijashuka chini ya bonde lolote, na mnunuzi aliyeingia pale 1.1124 bado yuko kwenye faida. Mivunjiko mingi ya uongo hutokea katika pengo hilo. Mimi hutaka kuona mshumaa umefunga chini ya bonde la kulia pia, hata kama kwa kufanya hivyo nitakosa pipsi kadhaa.

Jihadhari pia na saa. Ripoti ya ajira ya Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri hapa Nairobi wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na nusu wakati wa baridi yao. Shingo ikivunjwa dakika hiyo, ni habari iliyoivunja, na bei inaweza kurudi juu kabla mshumaa wa H4 haujafunga.

"Bei ilivunja shingo, ikarudi juu, ikagusa S/L yangu, ile bei niliyoweka ya kukata hasara, halafu ikashuka mpaka lengo. Na kwenye chati naapa haikufika kwenye S/L! Broka ananichezea?" – Bodaboda, Githurai

Kaka, kabla hujamlaumu broka, elewa MT5 inachora bei gani. Chati huchorwa kwa bei ya Bid, ile broka anayonunulia kwako. Ukiuza, unaingia kwa Bid, lakini unatoka kwa Ask, ile anayokuuzia, ambayo iko juu kwa pengo linaloitwa spredi. Kwa hiyo S/L ya aliyeuza hufyatuka Ask inapoigusa, hata kama mshumaa unaouona umeishia pipsi mbili chini yake. Spredi hutanuka zaidi New York inapofunga siku, ambayo kwetu ni saa sita usiku au saa saba, kutegemea majira yao. Ukitaka kuiona, bonyeza kitufe cha kulia juu ya chati, ingia Properties, uwashe mstari wa Ask.

Sasa kuhusu bei kurudi juu. Kurudi kugusa shingo kutoka chini ni jambo la kawaida kabisa, na si dalili kwamba umbo limefeli. Aliyeweka S/L pipsi kumi juu ya shingo hutolewa na mwendo huo wa kawaida. Umbo hufeli bei ikipita kilele cha bega la kulia, kwa hiyo S/L inakaa juu ya bega hilo, ukiongeza spredi. Kwenye mfano wetu bega liko 1.1190, nami ningeiweka 1.1196.

Hapo ndipo hesabu inapokuambia kama biashara inafaa. Mshumaa ukifunga 1.1120, chini ya bonde la kulia, unahatarisha pipsi 76 kutafuta 128 hadi 1.0992. Hiyo nakubali. Lakini ukiwa mshumaa mrefu uliofunga 1.1080, hatari ni pipsi 116 na zilizobaki ni 88. Umbo ni lile lile na lengo ni lile lile, ila mlango umeshafungwa. Ngoja bei irudi kwenye shingo, na isiporudi, iache iende.

"Mimi naona kichwa na mabega kila siku kwenye M5, na mengi hayafanyi kazi. Hii kitu ni ya kweli kweli?" – Fundi simu, Luthuli

Mengi unayoyaona si maumbo ya kugeuza soko, kwa sababu hakuna cha kugeuzwa. Umbo hili linahitaji mwendo wa kupanda uliolitangulia. Soko likiwa linazunguka ndani ya kiwango kimoja, vilele vitatu hujitokeza vyenyewe na cha kati kikawa kirefu kidogo.

Kipimo changu ni rahisi: mwendo uliotangulia uwe mrefu wa kutosha kubeba lengo. Kwenye mfano wetu lengo ni 1.0992. Kama bei ilianza kupanda kutoka 1.0700, ipo nafasi ya kushuka. Kama ilianzia 1.1040, lengo liko chini ya mahali wanunuzi walipoanzia, na hao wanaweza kusimama tena pale pale. Hapo ningefunga biashara karibu na 1.1040, wala nisingeng'ang'ania 1.0992. Lengo la kupima ni makadirio, nalo halijui kilicho njiani.

Kuhusu ukweli wake, mwaka 1995 Carol Osler wa tawi la New York la benki kuu ya Marekani na Kevin Chang walilijaribu umbo hili kwenye bei za kila siku za sarafu sita dhidi ya dola, tangu 1973 hadi 1994. Lilileta faida kwa mark ya Ujerumani na yen ya Japani. Kwa nne zilizobaki halikuleta. Na hayo yalikuwa maumbo ya chati ya siku. Ya M5, ambako spredi inakula sehemu kubwa ya urefu wa umbo, yana kazi ngumu zaidi.

"Sifanyi forex, nina hisa NSE, soko la hisa la Nairobi. Siwezi kuuza nisichokuwa nacho. Umbo hili lanisaidia nini?" – Mama mwenye duka, South B

Linakusaidia kuamua wakati wa kutoka, mama, au wakati wa kutoongeza. Na una kitu ambacho wa forex hawana: ujazo halisi, yaani idadi ya hisa zilizobadilisha mikono. Ujazo wa MT5 kwa sarafu kwa kawaida huhesabu tu mara ngapi bei ilibadilika. Kwa hisa, umbo zuri huwa na ujazo mkubwa bega la kushoto au kichwani, mdogo bega la kulia, kisha unaongezeka shingo inapovunjika. Shingo ikivunjika kwa hisa chache, kwenye kaunta ambayo siku nyingine haina biashara kabisa, hiyo ni hamu ya muuzaji mmoja tu.

Mambo mawili ya soko letu. Bei ya kufunga ya NSE ni wastani wa biashara za siku uliopimwa kwa ujazo, kwa hiyo biashara ya mwisho ikiwa chini ya shingo, bei rasmi inaweza kuwa juu yake. Tumia hiyo rasmi. La pili, hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei hushuka takriban kwa kiasi cha gawio lenyewe. Gawio la shilingi moja linaweza kuipitisha hisa ya shilingi 20 chini ya shingo bila mtu yeyote kubadili mawazo kuhusu kampuni. Angalia tarehe ya kufunga daftari kabla hujauza.

"Umbo likifeli, nigeuke ninunue?" – Msomaji, Ruaka

Ikiwa tu mshumaa umefunga juu ya bega la kulia baada ya shingo kuvunjwa. Kurudi juu ya shingo peke yake hakutoshi kukufanya ununue. Bega likipitwa, kila aliyeuza na kuweka S/L juu yake analazimika kununua ili atoke, na ununuzi huo ndio unaosukuma bei. Kwenye mfano wetu hao wako juu kidogo ya 1.1190, na kundi lingine limejificha juu ya kichwa, 1.1260. Kwa hiyo lengo langu la kwanza huwa ni ncha ya kichwa, na S/L naiweka chini ya pale bei ilipogeukia baada ya mvunjiko. Kama bei ilishuka hadi 1.1060 kabla ya kugeuka, ukinunua 1.1200 unahatarisha pipsi 140 kutafuta 60, na hapo nakaa nje. Ikigeukia 1.1130 na ufungaji uwe 1.1195, ni 65 kwa 65. Hata hiyo naichukua tu ikiwa mwendo mkubwa kwenye chati ya siku bado unapanda.